Baba Hajasafiri

Tuchukue nyumba moja ya Tanga. Si nyumba ya mtu fulani. Nimeiunganisha kutokana na misiba mingi niliyokaa jamvini, na sidhani kama ndani yake kuna jambo ambalo msomaji hajapata kuliona. Baba ni dereva wa lori la mizigo ya Lubumbashi. Akiondoka hukaa wiki tatu, pengine mwezi, na akirudi usiku hupiga honi mara mbili angali barabarani, watoto wote watatu wakaruka kutoka kitandani. Siku moja yuko nyumbani mapumzikoni, anaanguka uani. Moyo umesimama. Alasiri ya siku hiyohiyo amekwisha kuzikwa. Watoto walipelekwa kwa jirani tangu asubuhi ili wasione, na jioni kitindamimba wa miaka 4 anapouliza baba yuko wapi, shangazi anampakata na kumwambia: baba amesafiri.

Mtoto akanyamaza. Wakubwa wakashukuru kwamba ameelewa, na kweli alikuwa ameelewa. Baba amesafiri kama ilivyo kawaida yake, na kama ilivyo kawaida yake atarudi. Kuanzia usiku ule akawa hataki kulala, anasikiliza barabara. Wiki ya sita, bibi yake alipofunga mzigo na kuaga kwamba kesho anasafiri kurudi Korogwe, mtoto alimng'ang'ania miguuni akalia mpaka akatapika. Watu wakasema kadeka. Hakuna aliyeliunganisha neno lile na neno lile.

Kiswahili kina adabu nyingi mbele ya kifo. Mtu hafi kwetu: anafariki, anatutoka, anaaga dunia, anaitwa na Mola wake, anapumzika, anatangulia. Ni maneno mazuri, na kwa mtu mzima hayana hatari, kwa sababu anajua kilichofichwa nyuma yake. Mtoto mdogo hajui kwamba kuna kitu nyuma ya neno. Ukimwambia bibi amelala, ataogopa kulala, au ataogopa wewe ukilala. Ukimwambia Mungu amempenda zaidi, atajiuliza kwa nini Mungu apende kitu cha wenyewe, na zamu ijayo atampenda nani. Ukimwambia tumempoteza, atashangaa mbona hamwendi kumtafuta.

Lakini yako maneno mawili ambayo mtoto wa miaka 4 anayo tayari. Amemwona kuku aliyekufa. Amemwona panya aliyekufa, amemgeuza kwa kijiti, akaona hasogei. Sisi tunaona ni utovu wa adabu kusema mtu amekufa kana kwamba ni kuku, na mbele ya waombolezaji sina ugomvi na adabu hiyo. Chumbani na mtoto, hata hivyo, neno kufa ndilo la huruma zaidi, kwa sababu ndilo pekee lisilomfanya asubiri.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia Maria Nagy alichapisha utafiti alioufanya Budapest, Hungaria, miongoni mwa watoto 378 wa miaka 3 hadi 10. Aliwauliza kuhusu kifo, akawaandikisha na kuwachoresha. Wale wa chini ya miaka 5 walielekea kukiona kifo kama kuondoka au kulala: aliyekufa yuko mahali fulani, anaishi kidogo, na huenda akarudi. Wa miaka 5 hadi 9 wengi walikitazama kifo kama mtu anayekuja kuchukua watu, hivyo mwerevu anaweza kumkwepa. Kuanzia miaka 9 hivi ndipo walipoanza kusema kwamba mwili umekoma na kwamba jambo hilo litamfika kila mmoja. Hatua ile ya kati, ya kifo kuwa mtu, watafiti wa baadaye katika nchi nyingine hawakuikuta kwa wingi kama yeye, kwa hiyo tusiifanye sheria. Lakini ile ya kwanza imethibitika mara nyingi. Yaani mtoto wa miaka 4 hata bila kuambiwa atadhani baba ameondoka tu na atarudi. Tunapomwambia amesafiri tunaigongea msumari dhana aliyokuwa nayo tayari, ile ambayo angehitaji msaada wetu kuivuka.

Watafiti waliofuata waliligawa wazo la kifo katika mambo ambayo mtoto huyapata moja baada ya jingine. Kwamba aliyekufa harudi. Kwamba mwili wake umeacha kazi zote: hauoni, hausikii, hauumwi, hausikii njaa. Kwamba kila kiumbe hai kitakufa. Na kwamba kifo kina sababu yake ya mwilini, si neno baya wala wazo baya la mtu. Watoto wengi huyakusanya yote kati ya miaka 5 na 7, baadhi mapema zaidi, hasa walioona msiba wenyewe. Ukiyaweka manne hayo kichwani unaweza kuongea na mtoto wa umri wowote, kwa kuwa utajua ni lipi bado hajalipata.

Kwa kitindamimba wetu, mama angeweza kumpakata mchana, si usiku wa kulala, na kumwambia hivi: "Mwanangu, baba amekufa. Moyo wake uliugua sana, ukaacha kudunda. Mtu akifa mwili wake haufanyi kazi tena. Hapumui, hali, haumwi, hasikii baridi. Baba hawezi kurudi, hata kama anatupenda. Mwili wake tumeuzika makaburini. Mimi nipo hapa, na bibi yupo, na shangazi yupo, nasi tutakulea." Halafu anyamaze, asikilize swali. Anayemuombea marehemu pepo anaweza kuongeza habari ya roho na ahadi ya Mungu, na familia nyingi zitataka hivyo. Ushauri wangu ni kwamba mwili utangulie, imani ifuate. Mtoto aliyeambiwa tu kwamba baba yuko kwa Mungu, kisha akaona watu wakimfukia mtu ardhini, ana mahali pawili pa kumweka baba mmoja, na hatalala mpaka apatanishe.

Maneno "uliugua sana" yana sababu yake. Ukisema baba aliugua akafa, kesho mama akipata mafua nyumba nzima itawaka kilio. Mtoto anahitaji kujua kwamba kuna kuugua kwa kila siku, kwa mafua na tumbo, ambako mtu hupona, na kulikuwa na ugonjwa mkubwa wa moyo wa baba, ambao si huo.

Kisha, kesho yake, atauliza tena: baba anarudi lini? Hapa ndipo wakubwa wengi wanapokata tamaa au kukasirika. Nimewahi kumsikia mtu mzima mwenye heshima zake akimjibu mtoto, "Si nimeshakwambia!" Mtoto hajasahau wala hasumbui. Anapima kama jibu bado ni lilelile, kama tunavyogusa jino bovu kwa ulimi. Mjibu kwa maneno yaleyale, mafupi, kila mara. Atauliza mara 20 au 50, na kila mara swali litakuwa limepungua uzito kidogo. Akiuliza baba anakula nini huko kaburini, usicheke wala usimfunge mdomo kwa kusema ni dhambi. Ametuonyesha kwamba jambo la pili bado halijaingia, kwamba mwili umeacha kazi.

Na mchana huohuo utamkuta anacheza mpira wa makaratasi, anacheka. Watu watasema mtoto hana uchungu, mtoto hajui. Huzuni ya mtoto huja kwa vipande. Anaionja, ikimzidi anaikimbia kwenye mchezo, halafu anairudia wakati wa kuoga au wakati wa kuvaa viatu. Hata mchezo wenyewe una kazi: siku ya tatu watamfukia mwanasesere mchangani na kumwombea dua. Waacheni wazike.

Kwa mtoto asiyefika miaka 2 maelezo hayana kazi, ila haimaanishi hajafiwa. Anajua harufu, sauti, mkono uliokuwa ukimbeba saa za jioni. Anachohitaji ni mlezi mmoja asiyebadilikabadilika, saa za kula na kulala zisivurugwe, na kitambaa au kanga yenye harufu aliyoizoea isifuliwe haraka.

Sasa mtoto wa kati, msichana wa miaka 8, darasa la tatu. Huyu hakuuliza chochote. Alisaidia kuosha vyombo vya matanga, akasifiwa, na baada ya arobaini akaanza kulalamika tumbo kila asubuhi ya shule. Zahanati haikukuta kitu. Watoto wa umri huu wameshajua kwamba aliyekufa harudi, na wanajua kwamba mambo yana sababu. Shida ni kwamba wakikosa kuambiwa sababu, huitafuta wenyewe, na mahali pa karibu zaidi pa kuitafuta ni ndani ya nafsi zao. Usiku kabla ya msiba binti huyu alikuwa amelilia viatu vipya na baba akapaza sauti. Asubuhi baba akaanguka. Kwa hesabu ya mtoto wa miaka 8, hayo ni maelezo kamili.

Waliowasaidia watoto wa namna hii kwa miaka mingi wanasema chini ya ukimya kuna maswali matatu yanayojirudia. Je, ni mimi niliyesababisha? Je, nami nitakufa hivyo, au mama? Je, nani atanilea sasa? Mtoto hatayauliza, kwa hiyo mkubwa ndiye anayepaswa kuyajibu kabla hajaulizwa. Na namna ya kuyajibu si kumwuliza "unajilaumu?" kwa kuwa atasema hapana. Ni kusema kwa mzunguko: "Watoto wengine baba yao akifa hufikiri labda ni kwa sababu walimuudhi. Baba yako alikufa kwa sababu mshipa unaopeleka damu kwenye moyo wake uliziba. Kelele haizibi mshipa. Viatu haviui mtu. Hata ungelia mwaka mzima, moyo wake ungeugua vilevile." Mtaje mshipa. Umri huu unapenda namna kitu kinavyofanya kazi, na ukweli wa mwilini humfariji kuliko kubembelezwa. Akitaka kujua mwili unakuwaje kaburini, mjibu kwa utulivu kwamba unageuka udongo polepole na hauumii. Si utoto mbaya kuuliza hivyo.

Mkubwa, mvulana wa miaka 13, alipata zawadi ambayo wavulana wetu hupewa makaburini kabla udongo haujakauka. Baba mdogo alimshika bega akamwambia: usilie, sasa wewe ndiye baba wa nyumba hii. Nakiri sentensi hii inanikera kuliko zote, kwa kuwa husemwa kwa upendo. Kijana wa miaka 13 anaelewa kifo kama mtu mzima. Hakuna cha kumfundisha hapo. Anachokosa ni ruhusa. Ametoka kupoteza baba, na katika sentensi moja amenyang'anywa pia utoto na machozi. Huyu hujifunga, au huwa mkali kwa wadogo zake, au huanza kushinda stendi akitafuta pesa na mahudhurio ya shule yakapungua. Watu huita tabia mbaya. Baba mdogo angeweza kusema: "Nyumba hii ina wakubwa wa kuitunza. Wewe utakuwa mtoto wa baba yako na utasoma. Ukitaka kusaidia tutakwambia la kufanya." Kisha ampe kazi moja ya kweli na yenye mwisho, kwa mfano kwenda naye kufuata cheti cha kifo. Vijana huongea wakiwa wametazama mbele, njiani au wakirekebisha baiskeli, zaidi ya wakikalishwa kitako sebuleni. Na mara nyingi watamweleza rafiki kabla ya mama, kwa sababu hawataki kumliza.

Je, watoto wafike mazikoni? Desturi na dini zetu hazifanani, na sitaki kumwamulia mtu nani aende makaburini na nani abaki nyumbani. Lakini mtoto wa miaka 5 au 6 kwenda juu anaweza kupewa uchaguzi, na uchaguzi hauna maana kama hajui atakachokiona. Aambiwe kabla: watu watakuwa wengi, wengine watalia kwa sauti, mwili wa baba utakuwa umefunikwa sanda nyeupe, kutakuwa na shimo, watu watatia udongo. Kwa msiba wa Kikristo wenye kuaga mwili, aambiwe kwamba babu ataonekana kama amelala ila hakulala, na akiguswa ni baridi. Awepo mtu mzima mmoja asiye mfiwa wa karibu, ambaye kazi yake pekee ni kumshika mkono na kumtoa akitaka kutoka. Asilazimishwe kubusu wala kugusa. Asiyetaka kwenda asisutwe, atembelee kaburi siku nyingine kwa utaratibu wake. Kinachoumiza zaidi ni kile kilichowapata watoto wetu watatu: kupelekwa kwa jirani, kusikia vilio kupitia ukuta, na kurudi nyumba ikiwa imejaa viatu vya watu na baba hayupo.

Baada ya matanga viatu vile huondoka, na shule inabaki. Mwalimu wa darasa la tatu kwa kawaida husikia habari siku mtoto anaporudi, kisha hufanya moja kati ya mawili: anajifanya hajui, au anamsimamisha mbele ya darasa zima apewe pole na kupigiwa wimbo. Yote mawili humwacha mtoto peke yake. Njia nyepesi ni hii. Kabla hajarudi, mwalimu aulize nyumbani mtoto ameambiwa nini, kwa maneno gani, na angependa wenzake wajue nini. Awaambie darasa habari yenyewe, fupi na ya kweli, na awafundishe cha kusema: "Pole kwa kufiwa na baba yako," basi, halafu wakacheze. Awaonye kuhusu utani wa "yatima", neno ambalo uwanjani hugeuka kuwa jiwe. Siku ya kurudi amwite pembeni na kumwambia, "Nimesikia kwamba baba yako amekufa. Nimesikitika. Ukizidiwa darasani, weka kalamu hii juu ya dawati nami nitajua. Utatoka ukanawe uso, utarudi ukiwa tayari." Kalamu ni bora kuliko kunyoosha mkono, kwa kuwa haionwi na wenzake.

Utaratibu wa shule usilegezwe wote. Mtoto aliyefiwa anahitaji kengele ilie saa ileile na kazi ya nyumbani iwepo, ingawa ikiwa nusu kwa muda si vibaya, maana huzuni hula kumbukumbu na usikivu. Viboko kwa sababu ya kusinzia au kuchelewa vinaongeza jeraha tu. Mwalimu aweke kwenye daftari lake tarehe ya kifo, na aangalie mbele kwenye kalenda: sikukuu, kikao cha wazazi, insha ya "Baba yangu". Hiyo insha haina haja ya kufutwa. Inatosha kumwuliza mtoto faraghani kama angependa kumwandikia baba aliyekufa, au mtu mwingine.

Wazo kwamba walimu na wenzao wanaweza kubeba kazi hii si geni kwetu. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, ilikuwa na nyumba nyingi za watoto waliobaki bila wazazi. Kijijini Nshamba, wilaya ya Muleba, mradi wa Humuliza, jina ambalo kwa Kihaya lina maana ya kufariji, uliwafundisha walimu na walezi kusikiliza watoto hao, na mwaka 2000 watoto wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara. Uganda, akina mama wanaoishi na virusi vya Ukimwi katika chama cha NACWOLA waliandika na watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ulizaliwa wapi, nani alikupa jina, ulipenda chakula gani, baba yako alikuwa mtu wa aina gani. Hakuna kinachoizuia familia yetu ya Tanga kufanya hivyo kwa daftari la kurasa 40: picha ya leseni ya baba, majina ya miji aliyopita hadi Lubumbashi, jinsi alivyopiga honi. Kila mtoto aandike au achore anachokumbuka, na mdogo asimuliwe, kwa sababu wa miaka 4 atabaki na kumbukumbu chache sana za kwake mwenyewe.

Swali la mwisho ambalo walezi huuliza ni lini wahangaike. Kukojoa kitandani kwa mtoto aliyekuwa ameacha, kulilia kubebwa, hasira, alama kushuka: haya ni ya kawaida katika miezi ya mwanzo, na hupungua. Msihesabu kwa arobaini, wala kwa mwaka. William Worden na Phyllis Silverman waliwafuatilia huko Marekani watoto 125 waliofiwa na mzazi, na waliona baadhi yao wakiyumba zaidi mwaka wa pili kuliko wa kwanza, wakati majirani wameshaacha kupiga hodi. Waliona pia kwamba jambo lililotabiri hali ya mtoto kuliko mengine ni hali ya mzazi aliyebaki. Kwa hiyo anayempelekea mjane chakula na kumsikiliza katika eda yake, miezi minne na siku kumi, anawahudumia watoto bila kuwagusa.

Kinachotakiwa kuamsha mlezi ni kile kisichopungua. Mtoto ambaye miezi 6 baadaye bado hawezi kula, kulala wala kucheza. Anayeota kifo kilekile kila usiku au kukimbia kila kinachomkumbusha. Aliyeacha shule, aliyeanza pombe au bangi. Na, bila kusubiri hata siku moja, yeyote anayesema anataka kufa au kumfuata baba. Mdogo akisema hivyo huenda anauliza njia ya kwenda kumwona tu, lakini muulize waziwazi ana maana gani. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Tanzania na Kenya zote zina simu ya bure ya kusaidia watoto, namba 116. Na tiba yenyewe haihitaji daktari bingwa kila mara. Moshi na Bungoma, watoto 640 waliofiwa na wazazi walishiriki utafiti ambamo washauri wa kawaida wa kijamii, wasio na shahada za saikolojia, waliofundishwa na kusimamiwa, waliendesha vikao 12 vya vikundi mara moja kwa wiki. Huko watoto walijifunza kutulia, kusimulia kifo chenyewe hatua kwa hatua hadi kikapungua makali, na walezi wao wakajifunza sambamba. Matokeo hayakufanana kila mahali, ila maeneo kadhaa watoto hao walipata nafuu kubwa kuliko wasiopata vikao.

Turudi Tanga. Mama alimwambia kitindamimba ukweli wiki ya saba, kwa maneno yale ya moyo na kudunda. Alilia usiku huo, akauliza habari za kaburi siku nne mfululizo, siku ya tano hakuuliza. Miezi kadhaa baadaye lori lilipita barabarani usiku, likapiga honi mara mbili. Mtoto aliinuka akakaa kitandani, akasikiliza. "Baba alikufa," alimwambia dada yake. "Huyo ni baba wa nani?"